Mafuta ya Kupima na Mawese Mekundu: Kilichobaki na Kilichoondolewa

Maandishi ya mazungumzo kuhusu lishe yaliyoandaliwa kwa mikutano ya afya ya jamii Kibera na Kawangware



Kila ifikapo Julai, wakati baridi imeshika Nairobi, malalamiko yale yale husikika katika maduka ya Laini Saba, Gatwekera na Kawangware 46. Mtu alinunua mafuta ya kupima jioni yakiwa mepesi kama maji. Asubuhi anaamka na kukuta chupa imefanya ukungu, na chini yake kumeganda kitu cheupe kama uji. Anarudi dukani akiwa amekasirika, akidai ameuziwa mafuta yaliyochanganywa na kitu kingine.

Mara nyingi mwenye duka hana kosa. Mafuta hayo yameganda kwa sababu ya asili yake. Sehemu kubwa ya mafuta ya bei nafuu yanayopimwa kwa chupa na kwa mashine mitaani hutokana na tunda la mchikichi, mti ule ambao mafuta yake ndugu zetu wa Kigoma na wa Kongo huyaita mawese. Kule kuganda ni ishara ya jambo ambalo kila jiko linafaa kulijua.

Mafuta ya mchikichi yana sifa mbili zinazovutana. Yana mafuta mengi ya aina inayochosha moyo na mishipa. Wakati huo huo, yanapokamuliwa tu yana utajiri wa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na pia vitamini E. Watu wengi wameisikia sifa ya pili na kuamini kwamba inahusu mafuta yaliyo kwenye chupa yao. Mazungumzo ya leo yanafuata mafuta hayo kutoka kwenye tunda hadi kwenye sufuria, ili ieleweke ni nini kimebaki ndani yake na ni nini kiliondolewa njiani.

KWA NINI YANAGANDA

Mafuta yote ya kupikia ni mchanganyiko wa aina kadhaa za mafuta. Kuna aina ambazo wataalamu wa lishe huziita mafuta yaliyoshiba. Umbo lake limenyooka, kwa hiyo hupangana vizuri kama kuni zilizofungwa mzigo, na ndiyo maana huganda upesi kukiwa na baridi. Kuna aina nyingine ambazo umbo lake lina kona. Hizo hazipangani vizuri, na hubaki mepesi hata katika baridi ya Julai.

Katika mafuta ya mchikichi, karibu nusu ni mafuta yaliyoshiba. Linganisha na mafuta ya alizeti, ambayo sehemu hiyo ni kama gramu 11 katika kila gramu 100, au mafuta ya soya, ambayo ni kama gramu 15. Mafuta ya nazi yanayotumika Pwani yamezidi yote hayo, kwani hupita gramu 80.

Mafuta mepesi yanayopimwa mitaani huwa yamechujwa kiwandani. Mafuta ya mchikichi hupozwa polepole, sehemu nzito inaganda na kutengwa, kisha sehemu nyepesi inauzwa kama mafuta ya maji. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni ya maji basi hayana madhara ya yale ya kuganda yanayouzwa kwenye kopo. Ukweli ni kwamba hata baada ya kuchujwa, gramu kama 45 katika kila 100 bado ni mafuta yaliyoshiba. Tofauti na nduguye wa kopo ni ndogo kuliko macho yanavyodanganya.

Mafuta yaliyoshiba yakizidi, ini hupunguza kazi yake ya kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Kolesteroli hiyo hubaki ikizunguka, na mwaka baada ya mwaka hujishika kwenye kuta za mishipa hadi njia ya damu inakuwa nyembamba. Ikiziba moyoni, ni mshtuko wa moyo. Ikiziba kichwani, ni kiharusi. Mtu hasikii maumivu yoyote wakati hayo yanaendelea, na hapo ndipo penye hatari.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wanunuzi. Lebo nyingi za mafuta huandika kwamba hayana kolesteroli. Maneno hayo ni kweli, lakini hayamwambii mnunuzi lolote la maana, kwa sababu kolesteroli hutoka kwa wanyama na mafuta yanayotokana na mimea hayana kiasi cha kuhesabu. Kinachopandisha kolesteroli ya mlaji ni mafuta yaliyoshiba, na hayo yamo.

REKUNDU LILIKWENDA WAPI

Tunda la mchikichi likichemshwa, likapondwa na kukamuliwa, hutoa mafuta yenye rangi nyekundu ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo karotini yenyewe. Kilo moja ya mawese mekundu huwa na miligramu 500 hadi 700 za karotini na jamaa zake. Aidha, huwa na vitamini E ya kutosha, ambayo nyingi yake ni ya aina iitwayo tokotrienoli.

Mafuta yanayotumika kwa wingi Kenya hayakukamuliwa Kigoma. Mengi hutoka Malesia na Indonesia, hushushwa bandarini Mombasa yakiwa ghafi, kisha husafishwa katika viwanda vya humu nchini. Kiwandani huondolewa kwanza utando na uchafu. Baadaye huchanganywa na udongo maalumu unaonyonya rangi. Mwisho hupitishwa kwenye mvuke wenye joto la zaidi ya nyuzi 240 ili kuondoa harufu. Udongo ule huchukua sehemu ya karotini, na joto lile huteketeza iliyobaki. Mafuta yanatoka yakiwa ya manjano hafifu, hayana harufu, na yanakaa muda mrefu bila kuharibika.

Kazi hiyo haifanywi kwa hila. Mnunuzi wa Nairobi hataki chapati yenye harufu ya mawese, na mafuta yaliyosafishwa hayaozi upesi. Lakini hesabu yake ni lazima isemwe wazi. Karotini imekwenda karibu yote. Vitamini E imepungua, ingawa sehemu nzuri imebaki. Mafuta yaliyoshiba hayakuguswa hata kidogo.

Kwa hiyo mtu anaposema mafuta ya mchikichi yana vitamini A nyingi, ni vyema aulizwe ni mafuta yapi. Kama ni mekundu, asemalo ni kweli. Kama ni yale ya kupima, anasifu kitu kilichobaki kwenye udongo wa kiwandani.

VITAMINI INAYORUDISHWA

Serikali inalijua pengo hilo. Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia ya mimea yaongezwe vitamini A kiwandani, kama chumvi inavyoongezwa madini ya joto na unga wa mahindi wa pakiti unavyoongezwa madini na vitamini. Mafuta yenye lebo yanapaswa kuonyesha kwamba yameongezwa vitamini A, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Vitamini hiyo ina maadui wawili, yaani mwanga na joto. Mafuta yakiachwa kwenye chupa isiyo na rangi, juani mbele ya duka, vitamini A hupungua siku baada ya siku. Yakichemka kwenye karai kwa saa nyingi, hupungua zaidi. Mnunuzi wa mafuta ya kupima ana tatizo jingine tena: haoni lebo. Anaona mashine au chupa tu.

Njia rahisi ni kumwomba mwenye duka aonyeshe mtungi wa lita 20 alioutumia kujaza. Lebo ya mtungi huo inapaswa kuwa na jina la kiwanda, alama ya KEBS, tarehe ya mwisho ya matumizi na maelezo ya vitamini A. Mwenye duka anayenunua kwa njia halali hana sababu ya kuuficha. Mafuta yakifika nyumbani, yawekwe kabatini au kwenye chombo kisichopitisha mwanga, mbali na dirisha na mbali na jiko.

HESABU YA ROBO LITA

Chukua mfano wa familia moja ya watu watano Kibera, mama, baba na watoto watatu wanaosoma. Kila jioni mtoto hutumwa dukani na chupa kuleta robo lita. Hutumika yote siku hiyo hiyo: kidogo kwa mayai au mandazi asubuhi, kiasi kwa kukaanga githeri, na yaliyobaki kwa sukuma wiki na chapati usiku.

Robo lita ya mafuta ina uzito wa gramu 228 hivi. Kama ni mafuta mepesi ya mchikichi, gramu kama 100 kati ya hizo ni mafuta yaliyoshiba. Zikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja anapata gramu 20.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ambayo mtu anapata kwa chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, kikomo hicho ni kama gramu 22. Maana yake ni kwamba katika nyumba hii, mtu mzima amekaribia kikomo kwa mafuta ya kupikia peke yake, kabla hajanywa chai ya maziwa, kabla hajala nyama, na kabla hajapitia kwa muuza chipsi. Mtoto mdogo, ambaye kikomo chake kiko chini zaidi, huenda tayari amekivuka.

Nyumba hiyo hailazimiki kubadilisha chakula chake. Kinachobadilika ni namna ya kumimina. Mafuta yakimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, hakuna ajuaye ni kiasi gani kimetoka. Yakipimwa kwa kijiko cha mezani, hesabu inaonekana. Robo lita ni vijiko 16 au 17. Sufuria ya sukuma wiki ya watu watano inaiva vizuri kwa vijiko viwili, na githeri kwa viwili vingine. Vikibaki viwili kwa chakula cha asubuhi, jumla ni vijiko sita kwa siku, na kila mtu anapata gramu kama 7 za mafuta yaliyoshiba. Siku ya chapati itapanda, na hakuna ubaya, mradi isiwe kila siku. Chupa iliyokuwa ikiisha kwa siku moja sasa inafika karibu siku tatu, na pesa zinazobaki zinaweza kununua fungu la mboga.

Vile vijiko viwili vya sukuma wiki pia visiondolewe kabisa. Sukuma wiki, managu, mchicha na karoti zina karotini, lakini mwili hauwezi kuichukua vizuri bila mafuta kidogo. Mboga iliyochemshwa kwa maji matupu hupitisha sehemu kubwa ya karotini yake bila kufaidi mtu. Kwa hiyo kazi nzuri ya mafuta ya kupima katika suala la vitamini A ni kuisaidia mboga iingie mwilini, na kazi hiyo haihitaji mafuta mengi.

KARAI LA BARABARANI

Sasa twende Kawangware, kwa mama anayekaanga viazi karai na chipsi kando ya barabara. Anapenda mafuta ya mchikichi, na sababu yake ni ya kweli. Mafuta ya alizeti huchoka upesi kwenye karai, yakaanza kunuka. Mafuta ya mchikichi hustahimili moto kwa muda mrefu, kwa sababu mafuta yaliyoshiba hayashambuliwi upesi na hewa, na kwa sababu vitamini E iliyobaki hujitoa mhanga kuyalinda. Ile sifa inayoyafanya yadumu kwenye karai ndiyo hiyo hiyo inayoyafanya kuwa mzigo kwenye damu.

Kuna jambo jingine la haki la kusema kuhusu mafuta haya. Zamani mafuta mengi ya kuganda yalitengenezwa kwa kuyalazimisha mafuta ya maji kuganda kwa kutumia hidrojeni, na njia hiyo ilizalisha mafuta mabaya zaidi kwa moyo, yale yanayoitwa mafuta ya transi. Mafuta ya mchikichi huganda yenyewe bila kulazimishwa. Kuyatumia badala ya hayo ya transi ni nafuu. Kuyatumia badala ya alizeti au soya kwenye sufuria ya kila siku si nafuu.

Chipsi za kawaida hubeba gramu 10 hadi 15 za mafuta katika kila gramu 100. Sahani ya gramu 200 huja na gramu 20 hadi 30 za mafuta, na karibu nusu yake ni yaliyoshiba. Hiyo ni kama nusu ya kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima, katika mlo mmoja wa kusimama. Kiazi kilichokatwa kinene hunyonya kidogo kuliko chembamba. Kiazi kilichotumbukizwa kabla mafuta hayajapata moto hunyonya kingi. Chipsi zilizoachwa zichuje kwenye wavu kwa dakika mbili hubeba mafuta machache kuliko zile zinazotolewa na kutiwa moja kwa moja kwenye karatasi.

Kustahimili si kudumu milele. Karai likichemshwa siku nyingi, vitamini E huisha, vitamini A iliyoongezwa huisha, na mafuta yenyewe huanza kuvunjika. Mteja anaweza kuliona hilo akisimama pale pale. Mafuta yaliyochoka hutoa povu jingi lisilotulia hata kiazi kikitolewa. Huwa mazito, hushuka kwenye kijiko polepole kama asali. Huanza kutoa moshi mapema, kabla moto haujawa mkali. Harufu yake hukwama kooni, na chipsi hutoka nyeusi nje huku ndani hazijaiva. Rangi ya giza peke yake si ushahidi kamili, kwani mabaki ya unga na viazi pia huyafanya yawe meusi. Povu, uzito na moshi vikiungana, mafuta hayo yamefika mwisho.

Mwenye karai anaweza kuyafanya yaishi vizuri zaidi kwa kuyachuja kila jioni kwa kitambaa safi, kuyafunika, na kutoyaacha motoni wakati hakuna wateja. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyokwisha kuharibika hakuyafufui. Yale ya zamani huharakisha kuharibika kwa mapya.

MAWESE MEKUNDU: KIJIKO KIMOJA

Yapo maduka na wachuuzi jijini, hasa wale wanaohudumia jamii ya Wakongo, wanaouza mawese mekundu yaliyotoka nje ya mipaka. Haya ndiyo mafuta yenye karotini. Je, mama wa Kibera mwenye mtoto wa miaka miwili anunue?

Hesabu yake ni hii. Kijiko kimoja cha chai cha mawese mekundu ni gramu 4 na nusu hivi. Hata tukichukua kiwango cha chini cha miligramu 500 kwa kilo, kijiko hicho kina zaidi ya miligramu 2 za karotini. Mwili ukishaigeuza, mtoto wa umri huo anapata vitamini A inayotosha mahitaji yake ya siku. Mafuta yaliyoshiba aliyokula pamoja nayo ni gramu 2 tu na ziada kidogo. Hapo faida imeuzidi mzigo.

Utafiti umeonyesha kwamba hilo si la kwenye karatasi tu. Nchini Tanzania, wanawake wa vijijini walipewa mawese mekundu wakiwa wajawazito na baada ya kujifungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba karotini iliongezeka katika damu yao na katika maziwa waliyonyonyesha. Afrika Kusini nako, watoto wa shule waliokula biskuti zilizotiwa mawese mekundu waliimarika kiwango chao cha vitamini A.

Sasa geuza hesabu. Mtu mzima akisikia habari hiyo, akaamua kupikia mawese mekundu kila kitu, vijiko vitatu vya mezani kwa siku, anakula gramu kama 20 za mafuta yaliyoshiba. Amerudi pale pale kwenye kikomo, na karotini ya ziada haimfutii mzigo huo. Vitamini haziondoi mafuta yaliyoshiba. Hivyo viwili huingia mwilini kila kimoja na kazi yake.

Kuna pia msemo kwamba mawese yana vitamini A mara 15 kuliko karoti. Kulinganisha huko hufanywa kwa uzito sawa, gramu kwa gramu. Hakuna mtu anayekunywa gramu 100 za mafuta, lakini karoti moja nzima huliwa bila shida, na haiji na mafuta yaliyoshiba.

Anayeamua kuyatumia azingatie mambo matatu. La kwanza, yasikaangiwe. Mawese yakichemshwa hadi rekundu liishe na kuwa meupe, kama wafanyavyo wapishi wengine ili kupunguza harufu, karotini imeteketea na kilichobaki hakina tofauti na mafuta ya kupima. Yatiwe kwenye maharagwe au mchuzi chakula kikikaribia kuiva, au kijiko kichanganywe na uji mzito au viazi vilivyopondwa. Mtoto ambaye hajafika miezi sita haongezwi chochote. Maziwa ya mama yanamtosha.

La pili, rangi ikague lakini usiiamini peke yake. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana iligundua mawese yaliyotiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan IV, ambayo hairuhusiwi kwenye chakula, ili yaonekane mekundu zaidi. Jicho haliwezi kutofautisha kwa uhakika. Nunua kwa muuzaji anayejulikana anayeweza kueleza mafuta yalikotoka, na uyakwepe yenye wekundu mkali usio wa kawaida au harufu ya kuchacha.

La tatu, asiyeyapata asihangaike. Sukuma wiki na managu zilizokaangwa kwa mafuta kidogo, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti, papai na maembe ya msimu humpa mtoto karotini ile ile.

MTOTO NA MTU MZIMA WASICHANGANYWE

Jambo linaloleta utata nyumbani ni kwamba watu wawili wanaokula sufuria moja wana hatari mbili tofauti. Mtoto mdogo hatari yake ni kukosa vitamini A. Mtoto anayekosa huanza kutoona vizuri giza likiingia, akajikwaa au akakataa kutembea jioni, na surua au kuhara vikimpata humwelemea. Baba yake wa miaka 50 hatari yake ni mishipa. Ushauri unaomfaa mmoja hauwezi kunakiliwa kwa mwingine.

Kwa mtoto, kinga kuu haitoki dukani. Kila mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anastahili tone la vitamini A mara mbili kwa mwaka. Hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na wiki za Malezi Bora hufanyika Mei na Novemba. Mzazi aje na kijitabu cha kliniki ili tarehe iandikwe. Mafuta yenye vitamini A na mboga vinasaidia kati ya tone moja na jingine, lakini havichukui nafasi yake. Mama mjamzito naye asijinunulie vidonge vya vitamini A bila ushauri wa mhudumu wa afya, kwa sababu vikizidi vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Karotini ya mboga na ya mawese haina hatari hiyo, kwani mwili hugeuza kiasi unachohitaji tu.

Kwa mtu mzima, hakuna njia ya kujua hali ya mishipa kwa kujitazama kwenye kioo. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha tangu mwaka 2023. Wakibisha hodi, wafunguliwe mlango na presha ipimwe. Presha ikiwa juu, au ikiwa kuna mtu wa karibu katika ukoo aliyepatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo, kipimo cha kolesteroli kinafaa kuulizwa hospitalini, na mafuta ya jikoni yawe ya kwanza kupunguzwa.

Julai ijayo, chupa ikiganda tena kwenye rafu, isirudishwe dukani kwa hasira. Iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Kisha kichukuliwe kijiko cha mezani, na mafuta yapimwe kabla ya kuingia kwenye sufuria.